Tao Hubeba, Lakini Pia Husukuma

Ukipita Mwananyamala au Mbagala utaona baraza nyingi zenye matao. Mengi ni urembo tu. Juu yake imepita linta ya zege yenye nondo, nayo ndiyo inayobeba ukuta na paa. Hatari huanza pale mwenye nyumba anapotamani tao la jirani, akamwambia fundi amjengee kama lile, kisha linta ikaachwa ili kuokoa fedha.

Tofali huvumilia sana kukandamizwa, ila likivutwa hukatika upesi. Ndiyo maana tao linasimama: kila tofali linabanwa na wenzake, na mzigo unafuata mkunjo hadi kwenye nguzo. Lakini mzigo huo hufika nguzoni kwa mshazari, hivyo nguzo inabonyezwa chini na kusukumwa nje kwa wakati mmoja.

Chukua tao la upana wa mita 3 lililobeba tani 3 zilizosambaa sawasawa. Kila nguzo inapokea tani 1.5 kwenda chini. Tao likiinuka mita 1.5, msukumo wa nje ni kama tani 0.75. Likilazwa hadi kimo cha mita 0.5, msukumo unafika tani 2.25, na mzigo haujaongezeka hata kilo moja. Nguzo nyembamba ya tofali haiwezi kuuzuia. Dalili huonekana mapema: ufa unafunguka chini ya kilele cha tao, mwingine upande wa juu karibu na nguzo, na timazi inaonyesha nguzo imeegemea nje.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unaonyesha jinsi wajenzi wa pwani walivyoukabili msukumo huo. Nyumba za mawe za pwani zilizoezekwa kwa boriti za mikoko zilikuwa na vyumba vyembamba, visivyozidi sana mita 3, kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Msikiti ulipopanuliwa katika karne ya 14, sehemu mpya ilikuja kuanguka. Karne ya 15 ikajengwa upya kwa nguzo za mawe, matao, kuba na dari za mkunjo. Paa za jirani zinasukumana na kutulizana. Msukumo unaobaki pembeni unapokelewa na kuta nene. Ukumbi ukawa mpana pande zote, lakini umegawanyika katika vyumba vidogo vya nguzo, kila kimoja na dari yake.

Kuba la msikiti wa leo Temeke linaweza kufunika ukumbi bila nguzo katikati, kwa sababu mkanda wa zege wenye nondo unalizunguka kitako na kuuzuia msukumo usifike ukutani. Kwa baraza yako, muulize fundi swali moja kabla ya kununua tofali: msukumo wa tao hili utazuiwa na nini? Jibu liwe linta au mkanda wa zege unaofunga nguzo zote, au ukuta mnene pande mbili. Asipokuwa na jibu, tao lisijengwe.