Kumkatalia rafiki ukurugenzi wa jina tu

Ombi lenyewe huja kwa maneno machache, mara nyingi jioni, mara nyingi Wasapu: "Kaka, nafungua kampuni. Nitumie namba yako ya NIDA na TIN, nikuweke mkurugenzi. Hutafanya chochote, ni jina tu." Anayeliomba si tapeli. Ni mtu mliyesoma naye, mliyezikiana wazee, labda ndiye aliyekuwa msimamizi wako siku ya harusi. Amepata nafasi ya kazi ya usafi kwenye majengo mawili ya ofisi, mwenye majengo anataka kuandikiana na kampuni na si na mtu binafsi, na muda unakimbia.

Kwa nini akutafute wewe, kama biashara ni yake? Sababu iko kwenye sheria. Tanzania, kampuni inatakiwa iwe na wakurugenzi wasiopungua wawili. Ng'ambo ya Namanga mambo ni tofauti: Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inairuhusu kampuni binafsi kuwa na mkurugenzi mmoja, kwa hiyo rafiki wa Nairobi angejisajili mwenyewe akalala. Wa Dar es Salaam anafika kwenye fomu ya BRELA na kukuta pengo. Anachotafuta ni mtu wa kuliziba, na anakuona wewe kwa sababu una kitambulisho, una TIN, na huna tabia ya kuuliza maswali mengi.

Taabu ni kwamba sheria haina kiti cha mkurugenzi wa kuziba pengo. Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, inawataka wakurugenzi watende kwa nia njema kwa manufaa ya kampuni na wafanye kazi yao kwa uangalifu na ujuzi unaotarajiwa. Haikuweka kifungu cha pembeni kwa yule aliyeombwa jina. Fomu ya usajili inayotoka kwenye mfumo wa ORS ina nafasi ya sahihi yako, na wakili anathibitisha kwamba masharti ya usajili yametimizwa. Tangu siku cheti kinapotoka, mtu yeyote akilipia upekuzi wa kampuni ile BRELA, jina lako linatokea sambamba na la rafiki yako, bila alama ya kuonyesha nani anaendesha na nani amekaa tu.

Tuifuate kampuni hiyo ya usafi mwaka mmoja mbele. Huu ni mfano wa kutunga, ila hesabu zake ni za kawaida. Hisa ziko 100. Rafiki ana 99, wewe umepewa moja ili karatasi zipendeze. Ameajiri watu 12, kila mmoja kwa mshahara wa shilingi 300,000, hivyo mishahara ya mwezi ni 3,600,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake hukatwa kwa mfanyakazi, nusu hutoa mwajiri. Kila mwezi kampuni inatakiwa kupeleka 720,000.

Mwenye majengo anachelewa kulipa, kama wenye majengo wanavyochelewa. Rafiki yako anafanya alichofanya kila mwenye biashara aliyebanwa: analipa mishahara kwanza, ya NSSF anasema atayapeleka mwezi ujao. Mwezi ujao nao unakuwa kama uliopita. Baada ya miezi minane deni ni 5,760,000 kabla ya adhabu ya kuchelewa, na nusu yake, yaani 2,880,000, ni fedha iliyokwisha kukatwa kwenye mishahara ya wafagiaji. Hati zao za mishahara zinaonyesha makato, akaunti zao za NSSF hazionyeshi kitu. Mmoja wao akienda kulalamika, swali litakalofuata ni nani wakurugenzi wa kampuni hii. Hapo "mimi ni jina tu" haikusaidii. Pengine inakuumiza zaidi, kwa maana ni kama kukiri kwamba ulipewa dhamana na hukuishughulikia.

Kwenye kodi ni hivyo hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 haiishii kwenye kampuni peke yake. Kodi isipolipwa, mamlaka ina njia ya kumfuata msimamizi binafsi, na mkurugenzi yumo miongoni mwa wasimamizi. Utetezi wake unategemea kuonyesha kwamba alichukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua katika nafasi ile. Mkurugenzi wa jina ataonyesha nini? Hajawahi kuona ritani, hana namba ya siri ya kuingia kwenye akaunti ya kampuni TRA, hajui hata mhasibu anaitwa nani. Kila alichoahidiwa kwamba hatakifanya ndicho alichohitaji awe amefanya.

Halafu kuna benki, na hapa ndipo wengi wanapoumia kwa kalamu yao wenyewe. Kampuni changa haina dhamana ya maana, kwa hiyo ikiomba mkopo wa milioni 30 kununua mashine za kusafishia sakafu, benki mara nyingi huwataka wakurugenzi waweke udhamini binafsi. Rafiki anakupigia: "Pita benki usaini, dakika tano." Mkataba wa udhamini wa namna hii kwa kawaida humfunga kila mdhamini kwa deni zima. Wewe mwenye hisa moja kati ya 100 hudaiwi asilimia moja; unaweza kudaiwa milioni 30 zote na riba yake, na benki itamwandama yule mwenye mshahara unaoonekana au nyumba yenye hati. Kati yenu wawili, huenda mtu huyo ni wewe.

Mtu atauliza: si kampuni ina dhima yenye ukomo? Inayo, lakini ukomo huo ni wa mwanahisa. Mwenye hisa hupoteza alichoweka, pamoja na kile ambacho bado hajalipia kwenye hisa zake. Mkurugenzi anabeba wajibu wa namna nyingine, ule wa kuendesha, na karatasi anazosaini kwa jina lake binafsi hazifunikwi na ukomo wowote. Tofauti hii ina faida yake: ukitaka kumsaidia rafiki yako kwa fedha, unaweza kununua hisa bila kukalia kiti cha ukurugenzi, au kumkopesha kwa maandishi. Hasara yako unaijua tangu mwanzo.

Kwa aliye serikalini au benki, jibu ni jepesi zaidi. Kiongozi wa umma anatamka mali na maslahi yake kwa Sekretarieti ya Maadili. Mwajiri binafsi naye mara nyingi anataka kujua kama una kampuni nje ya kazi. Hebu fikiria kampuni ya usafi imeomba zabuni ofisini kwako na jina lako liko kwenye usajili. Kueleza kwamba hukujua kuhusu zabuni hiyo ni kazi ngumu, hasa ikiwa ni kweli.

Sasa namna ya kukataa. Tatizo letu ni kwamba uso umeumbwa na haya, na haya hiyo hutufanya tuseme "tutaona", "nipe siku mbili", "Mungu akipenda", tukitumaini mwenzetu ataelewa. Haelewi, au anaelewa anavyotaka. Wakati unasubiri aelewe, yeye anasonga mbele: jina la kampuni limekwisha kukubaliwa, katiba imeandikwa, fomu imejazwa kwa taarifa zako, ada inasubiri kulipwa. Hapo hapana yako inamgharimu, na lawama ni yako kwa haki. Kwa hiyo jibu litoke mapema, na kabla halijatoka usitume namba ya NIDA, TIN wala picha ya sahihi "kwa ajili ya kuandaa tu".

Sababu nazo ziwe chache. Ukisema una kazi nyingi, atakujibu hutafanya kazi yoyote. Ukisema hujui biashara ya usafi, atasema yeye anaijua. Ukimsingizia mkeo, atasema ataongea na shemeji, na kweli ataongea naye. Kila sababu unayotoa ni mlango anaoweza kuufungua. Mimi napendelea sentensi inayogusa kiti chenyewe bila kugusa mtu: "Kaka, biashara yako naiunga mkono, ila ukurugenzi siuchukui kwenye kampuni ambayo siiendeshi mimi. Tafuta mwingine mapema, usinisubiri." Haimwiti mwizi, wala haimpi kitu cha kubishia. Na akisema "huniamini?", jibu la kweli lipo: unamwamini yeye, ila mwenye majengo anayechelewa kulipa humjui.

Kisha mpe kitu cha kufanya. Je, kuna mtu atakayekuwa kazini naye kila siku, msimamizi wa wafagiaji au mhasibu, au mwenza wake wa ndoa anayeshika vitabu? Huyo ndiye mkurugenzi wa pili wa kweli, maana ataona kilichotokea kabla hakijawa deni. Je, mteja anadai kampuni, au anadai biashara iliyosajiliwa tu? Akikubali la pili, jina la biashara linasajiliwa BRELA na mtu mmoja, bila mkurugenzi. Linaweza kumtosha kwa kuanzia, ingawa deni la biashara ya namna hiyo ni deni lake mwenyewe, na hilo nalo aambiwe.

Kwa aliyekwisha kukubali mwaka jana, kujiondoa hakuishii kwenye barua. Andika barua ya kujiuzulu, ipokelewe kwa sahihi na tarehe, ubaki na nakala. Lakini daftari la BRELA hubadilika taarifa ya mabadiliko ya wakurugenzi inapowasilishwa, na anayeiwasilisha ni kampuni, kupitia akaunti ya ORS ambayo huenda ameishika rafiki yako peke yake. Naye hana haraka, kwa sababu ukitoka pengo linarudi. Fuatilia, kisha lipia upekuzi uone kwa macho yako kama jina limetoka. Yaliyotokea ukiwa kwenye kiti hayafutwi na barua, na udhamini uliosaini benki unabaki mpaka benki yenyewe ikuachilie kwa maandishi.

Wapo wanaoona kukataa moja kwa moja ni ukali, wakachagua masharti. Nayo ni njia: nitakuwa mkurugenzi, ila nione taarifa ya benki kila mwezi, niwe na namba ya kuingia TRA na NSSF, malipo ya zaidi ya kiasi fulani yawe na sahihi mbili, vikao viandikwe, na udhamini binafsi sisaini. Marafiki wengi wakisikia hayo hujitoa wenyewe, kwani walitaka jina na hawakutaka jicho. Atakayeyakubali yote ameacha kukuomba jina. Anataka mkurugenzi wa kweli, na mazungumzo yenu yanahamia kwenye hisa zako ni ngapi na posho ya kikao ni shilingi ngapi.