Swichi Iliyojikata Redio Ikiwa Kimya

Tuseme ni saa nane usiku na dakika 14. Tawi la mti linagusa waya wa laini ya kilovolti 33, swichi kubwa ya substesheni inajikata, na baada ya nusu sekunde inajirudisha yenyewe. Kituo cha udhibiti huuliza hali ya substesheni hiyo kwa redio kila baada ya sekunde 30. Kilipouliza mara ya mwisho swichi ilikuwa inapitisha umeme. Kikiuliza tena kinakuta inapitisha. Kwa hali ya sasa pekee, mhandisi hatajua kwamba kuna mti wa kukatwa.

Itifaki ya DNP3, iliyoanzia kwa kampuni ya Westronic ya Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, huziba pengo hilo. Kifaa cha substesheni hakingoji kuulizwa ndipo kitazame swichi. Kila inapobadilika, kinaandika tukio pamoja na saa yake hadi milisekunde. Kwa hiyo usiku ule yanaandikwa matukio mawili: kujikata na kurudi.

Sasa redio ikatike kwa saa tatu. Matukio yanabaki kwenye kumbukumbu ya kifaa. Redio ikirudi, kituo kinaomba matukio, kifaa kinayatuma na kudai uthibitisho, na hakifuti hata moja mpaka uthibitisho ufike. Uthibitisho ukipotea njiani, matukio yaleyale yatatumwa tena kituo kitakapoomba. Ndiyo maana kituo kinaweza kuyapata mara mbili; saa zikifanana hadi milisekunde, huenda ni tukio lilelile. Ninaupenda utaratibu huu: afadhali habari ifike mara mbili kuliko isifike kabisa.

Lakini kumbukumbu ina kikomo, na hapa ndipo mambo huharibika zaidi. Volti za laini hazitulii. Kama kifaa kimewekwa kihesabu kila badiliko la volti 10 kuwa tukio, katika saa tatu za ukimya akiba itajaa vipimo visivyo na maana. Pale ambapo matukio yote yanakaa kwenye akiba moja, yale ya swichi yanaweza kusukumwa nje. Kwenye skrini dalili yake ni `IIN2.3`, yaani akiba imefurika. Kituo kikiona alama hiyo huomba hali yote upya, na picha ya sasa inarudi sahihi, ila yaliyopotea hayarudi.

Tiba ni kupanua kiwango cha badiliko, tuseme hadi volti 330, asilimia moja ya laini hii, na kuyaweka matukio ya swichi katika daraja la 1, vipimo katika la 3. Daraja la 1 huombwa kwanza. Kwenye redio ya biti 1,200 kwa sekunde, fremu moja ya baiti 292 inachukua zaidi ya sekunde mbili, kwa hiyo redio ikirudi kwa dakika chache tu, habari ya swichi itakuwa imepita kabla ya foleni ya volti.