Bei Juu, Hisa Chache

Taarifa ya jioni ya soko la hisa, iwe ya Dar es Salaam au ya Nairobi, ina safu ambayo wasomaji wengi huiruka. Macho hukimbilia bei: imepanda au imeshuka? Idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo haisomwi, na bila hiyo huwezi kujua bei ile imetokana na biashara kubwa au na vijisenti.

Kwanza tuondoe dhana moja. Hisa nyingi zikiuzwa haina maana kwamba watu wanazikimbia, wala kwamba wanunuzi wamewazidi wauzaji. Hisa 10,000 zilizouzwa ni hizo hizo 10,000 zilizonunuliwa. Nani alikuwa na haraka zaidi, hilo utaliona kwenye bei. Idadi inakueleza tu mali kiasi gani ilikubaliwa kwa bei hiyo.

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye hisa milioni 200, ambayo kwa kawaida huuziwa hisa kama 50,000 kwa wiki. Wiki ya kwanza bei inatoka shilingi 400 hadi 424, na zinauzwa hisa 180,000. Ya pili inafika 440, hisa 95,000. Ya tatu inafika 451, hisa 40,000. Ya nne inafunga kwa 456, hisa 12,000 tu. Anayetazama bei peke yake ataona wiki nne za neema. Ukitazama na idadi, utaona kwamba kila hatua ya kupanda imefikiwa kwa biashara ndogo kuliko iliyotangulia.

Wiki hiyo ya nne inastahili kutazamwa kwa karibu. Hisa 12,000 kwa shilingi 456 hazifiki hata shilingi milioni 5.5. Lakini bei ikipanda kwa shilingi 5, hisa zote milioni 200 huhesabiwa kwa bei mpya, na kampuni yaonekana imeongezeka thamani kwa shilingi bilioni 1. Bilioni hiyo hakuna aliyeitia mfukoni. Imeandikwa kwa sababu watu wachache walikubaliana juu ya hisa chache.

Sasa mwenye hisa 60,000 anataka kutoka. Kwenye oda za kununua anakuta wanaotaka 3,000 kwa 456, wengine 5,000 kwa 450, 12,000 kwa 440, na waliobaki wako tayari kwa 425. Akiuza zote atapata kama shilingi milioni 25.9, wakati kwenye karatasi alijihesabia milioni 27.36. Bei nayo imeshuka hadi 425, karibu na pale ilipokuwa mwisho wa wiki ya kwanza, na kampuni yenyewe haijaharibikiwa na chochote.

Hata hivyo kupungua kwa idadi kuna tafsiri mbili, na ndipo wachambuzi wengi wanapoharakisha. Huenda wanunuzi wameishiwa hamu: waliotaka wamekwisha nunua, na bei inasukumwa na mabaki. Huenda pia wenye hisa ndio wamezishikilia, pengine wakisubiri gawio, hivyo anayetaka hata kidogo analazimika kupandisha bei. Hali ya kwanza ni uchovu. Ya pili ni uhaba, nao unaweza kudumu muda mrefu.

Kuzitofautisha, tazama siku ambazo bei inashuka. Ikishuka kidogo kwa hisa chache, kisha ikatulia, wenye mali hawana haraka ya kuuza. Ikishuka huku idadi ikiruka juu ghafla, waliokuwa kimya wameanza kutoka. Joseph Granville, Mmarekani, aliifanya fikra ya namna hii kuwa hesabu katika kitabu chake cha 1963: idadi ya siku za kupanda inajumlishwa, ya siku za kushuka inatolewa. Jumla ikikataa kupanda pamoja na bei, mchambuzi anashtuka. Kushtuka si ushahidi, lakini.

Masoko yetu yanahitaji uangalifu zaidi. Safaricom, iliyouza kwa umma hisa bilioni 10 mwaka 2008, ina mali tele ya kuzunguka. Kampuni nyingine katika soko hilo hilo hupitisha siku bila biashara ya kutajwa. Kwa hiyo linganisha hisa na desturi yake yenyewe, kwa wiki kadhaa, si kwa siku moja. Na ukiona siku moja imeruka mno, muulize dalali kama ni mfuko mmoja umemuuzia mwingine kwa makubaliano ya pembeni. Biashara kama hiyo huvimbisha wastani, na wiki zinazofuata zitaonekana zimepungukiwa kumbe zimerudi tu kwenye kawaida yake. Iondoe kwanza kwenye hesabu, kisha ndipo useme idadi inashuka.