Mkojo Hutangulia Macho: Dalili Tatu za Ini Lililovimba

Mtu akijitazama kwenye kioo asubuhi na kukuta weupe wa macho yake umekuwa manjano kama bizari, hudhani ugonjwa ndiyo kwanza umeanza. Ukimhoji taratibu, mara nyingi utagundua kwamba siku kadhaa kabla ya hapo mkojo wake ulikuwa umeshakolea, na kabla ya mkojo, alikuwa ameanza kukichukia chakula cha mafuta. Chakula, mkojo, macho: dalili hizi tatu zikija kwa mfuatano huo, cha kushukiwa kwanza ni ini lenyewe. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuifuate ile rangi ya manjano tangu inapozaliwa.

Chembe nyekundu za damu huishi kwa takribani siku 120. Zikizeeka huvunjwa, hasa kwenye wengu, na ile sehemu iliyokuwa ikibeba hewa ya oksijeni hubaki kuwa taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Kila mtu mzima hutengeneza taka hii kila siku. Tatizo lake ni kwamba haiyeyuki kwenye maji. Husafiri katika damu ikiwa imeshikamana na protini, na kwa sababu hiyo figo haziwezi kuichuja na kuitoa kwa njia ya mkojo. Ni lazima ipitie kwenye ini.

Seli za ini huifanyia kazi mbili. Kwanza huiunganisha na kitu cha jamii ya sukari ili iweze kuyeyuka kwenye maji. Kisha huisukuma kwenye vijifereji vyembamba vya nyongo, nayo hushuka hadi kwenye utumbo. Huko bakteria huibadilisha tena, na mabadiliko hayo ndiyo yanayokipa choo kikubwa rangi yake ya kahawia.

Homa ya ini ni kuvimba kwa seli hizo. Kisababishi kinaweza kuwa virusi, pombe, au dawa iliyolizidi ini nguvu. Kwa upande wa virusi, madhara mengi hayafanywi na kirusi chenyewe, bali na askari wa mwili wanaozishambulia seli zilizoingiliwa. Kati ya zile kazi mbili, inayoshindikana kwanza ni ya kusukuma. Seli iliyovimba bado inaweza kuunganisha bilirubini, ila haina nguvu ya kuitoa kwenda kwenye nyongo. Basi ile iliyokwisha kuunganishwa hurudi nyuma na kuingia kwenye damu. Sasa inayeyuka kwenye maji, na figo zinaweza kuipitisha. Ndiyo maana mkojo huwa kama chai ya rangi iliyokolea au kokakola.

Mkojo wa mtu mwenye afya hauonyeshi bilirubini, kwa hiyo hata kiasi kidogo huonekana mapema. Macho huchelewa. Kwa kawaida bilirubini yote katika damu haizidi mikromoli 20 hivi kwa lita, na jicho la mtu halianzi kuiona mpaka ifike kama 40 au 50. Inapofika hapo, huonekana kwanza kwenye weupe wa jicho kwa kuwa hapo pana nyuzi za protini zinazoishika sana. Itazame kwa mwanga wa mchana, kwa maana taa za manjano za ndani huificha. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana uchafukaji kidogo wa weupe wa jicho upande uliozoea jua na vumbi, na huo si ugonjwa. Vuta kope la chini, mgonjwa atazame juu, ukague ule weupe uliokuwa umefichwa. Manjano ya ini huenea sawasawa hadi huko.

Na mafuta? Nyongo ina chumvi zinazoyavunja mafuta yawe matone madogo ili utumbo uyasage. Nyongo ikipungua, mafuta hubaki bila kusagwa vizuri. Pamoja na hilo, mwili unaopambana na uvimbe humwaga kwenye damu kemikali zinazoufikia ubongo na kuleta kichefuchefu. Kwa kawaida mafuta hulichelewesha tumbo kujitoa chakula, na tumbo lililokwisha kuchafuka haliwezi kuvumilia kucheleweshwa huko. Ndiyo sababu mgonjwa hachukii chakula chote kwa kiwango kimoja. Ugali mkavu au uji atajilazimisha, lakini harufu tu ya vitumbua vikikaangwa humfanya atake kutapika. Wavutaji wa sigara nao hushangaa kuona sigara imewachukiza ghafla. Mara nyingi hamu huwa afadhali asubuhi na huzidi kupotea jioni.

Tuchukue mfano wa kijana wa kutunga, wa miaka 31, fundi wa pikipiki. Anaanza kwa uchovu, viungo kuuma na joto la mwili lisilo kali. Anadhani ni malaria, anameza dawa mseto bila kupima. Siku ya tatu rafiki zake wanaagiza chipsi mayai, naye anasukuma sahani pembeni. Siku ya tano anaona mkojo mweusi, anajiambia hajanywa maji ya kutosha. Siku ya nane mke wake anamwambia, “Baba Neema, macho yako yamekuwa ya manjano,” ndipo wanapokwenda kituo cha afya. Daktari anapobonyeza chini ya mbavu za kulia, kijana anaruka kwa maumivu, kwa kuwa ini limevimba na kuvuta utando unaolifunika.

Majibu ya maabara yanasomeka hivi. Kipimo cha malaria hakina kitu. Bilirubini yote ni 138, na kati ya hiyo 96 ni ile iliyounganishwa, yaani ini lilifanya kazi ya kwanza na kukwama kwenye ya pili. Kimeng’enya kinachoandikwa ALT, ambacho makazi yake ni ndani ya seli za ini, kinatakiwa kisizidi kama 40. Chake ni 1,640. Seli zinapasuka na kumwaga vilivyomo. Kipimo cha HBsAg, kinachotafuta virusi vya homa ya ini aina ya B, kimeonyesha vimo.

Hapa wengi huhitimisha haraka. Katika nchi zetu wako watu wengi walioambukizwa virusi vya B utotoni na kuishi navyo kimya kwa miaka. Mtu kama huyo akipata homa ya ini aina ya A au E, HBsAg yake itaonyesha ndiyo, ingawa safari hii B si mkosaji. Kinachotenganisha ni kipimo kingine cha damu, cha askari wa mwili wa aina ya IgM dhidi ya kiini cha kirusi cha B, ambao huwa wengi maambukizi yanapokuwa mapya. Kwa kijana wetu nao wamekutwa. Aliambukizwa kati ya mwezi mmoja na sita uliopita, kwa damu au kwa kujamiiana.

Kuna hali nyingine zinazoleta manjano, na mkojo na choo husaidia kuzitofautisha. Malaria kali na selimundu huvunja chembe nyekundu kwa wingi, hivyo bilirubini hufurika kabla ini halijaiunganisha, na aina hiyo haiingii kwenye mkojo. Macho yanaweza kuwa manjano huku mkojo ukibaki na rangi yake, ijapokuwa chembe zikipasuka kwa kishindo mkojo unaweza kuwa mwekundu au mweusi kwa damu. Kijiwe au uvimbe ukiziba mrija wa nyongo, mkojo hukolea vilevile, ila choo huwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi na ngozi huwasha sana. Homa ya ini nayo inaweza kupausha choo kwa siku chache, kwa hiyo choo cheupe kinachoendelea ni sababu ya kupigwa picha ya mawimbi ya sauti.

Kwa anayedhani mkojo umekolea kwa kiu tu, jaribio lipo. Anywe maji glasi tatu, asubiri saa chache, kisha akojoe kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, aifunge na kuitikisa. Mkojo wa kiu utakuwa umepauka. Wenye bilirubini hubaki mweusi, na povu lake mara nyingi huwa la manjano. Hilo halichukui nafasi ya maabara, lakini linatosha kumwondoa mtu nyumbani. Wanaotumia dawa za kifua kikuu wana jambo la ziada: rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na hilo peke yake halina neno. Hata hivyo dawa hizohizo zinaweza kuunguza ini. Mgonjwa wa kifua kikuu akianza kuchukia chakula, kutapika, au macho kubadilika, asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonana na kliniki siku hiyohiyo.

Homa nyingi za ini za ghafla hupona bila dawa maalumu ya kuua virusi. Kijana wetu aliambiwa apumzike, anywe maji, ale zaidi asubuhi wakati tumbo linakubali, aache pombe kabisa, na asimeze panadoli kiholela, maana ikizidishwa huliharibu ini. Alionywa pia juu ya mizizi ya kuchemsha anayoletewa na ndugu. Baadhi ya miti shamba huliumiza ini, na daktari hawezi kujua tena kama ALT inapanda kwa kirusi au kwa dawa.

Mama mjamzito ana hatari ya pekee. Aina ya E, inayoenezwa na maji yenye kinyesi, iliwapata watu zaidi ya 10,000 Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika mlipuko ulioanza 2007. Inapompata mama katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba inaweza kuua kama mmoja kati ya watano. Kwake macho ya manjano ni safari ya hospitali bila kungoja kesho. Vivyo hivyo kwa yeyote anayeanza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, mikono kupepesuka, kutapika bila kukoma, au kutokwa damu kwenye fizi. Hizo ni ishara kwamba ini linaacha kufanya kazi.

Kwa mwenye aina ya B kuna deni la baadaye. Macho husafika katika wiki chache, na wengi hawarudi tena kituoni. Kumbe kupona kwa macho hakuthibitishi kuondoka kwa kirusi. HBsAg hupimwa tena baada ya miezi sita, na ikiwa bado ipo maambukizi yamekuwa ya kudumu. Kwa walioambukizwa wakiwa watu wazima hubaki hivyo chini ya 5 katika 100, ilhali kwa watoto wachanga hubaki kama 9 katika 10. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya B mwaka 2002, hivyo fundi wetu na mke wake walizaliwa kabla ya chanjo hiyo. Mke alipimwa, akakutwa salama, akaanza dozi tatu za chanjo wiki hiyohiyo.