Mwalimu kijana, mfadhili akikuuliza utakuwa wapi 2036, mjibu hivi

UMEPATA fununu ya mfadhili anayeweza kukulipia shahada ya uzamili. Fomu umejaza, vyeti umeskani, kila kitu kiko sawa. Halafu unafika swali la mwisho: tuandikie barua, ueleze kazi yako itakuwa imefika wapi baada ya miaka kumi. Hapo ndipo wengi hukwama. Si swali la mtu mmoja mwenye pesa zake tu. Hata ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza huwataka waombaji waeleze mpango wao wa kazi, tena lazima urudi nchini mwako kwa angalau miaka miwili baada ya masomo.

Kosa linalorudiwa sana ni kujibu kwa cheo. “Kufikia 2036 nitakuwa mwalimu mkuu.” Sawa, lakini nani atakupa? Si wewe, ni Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mwalimu mwenye shahada huanzia gredi ya C2, na C3 hufuata baada ya miaka mitatu akitimiza masharti. Kutoka hapo, kupanda kunategemea nafasi zitakazotangazwa na mahojiano utakayofanyiwa. Shahada ya uzamili peke yake haikupandishi ngazi. Mfadhili anayewajua walimu wa Kenya anayajua haya, kwa hivyo ukimwahidi cheo unamwahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwako.

Mwahidi kazi badala ya cheo. Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 26, wa Hisabati na Sayansi, aliyeanza kama mwanagenzi wa shule za sekondari msingi kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi, kisha akaajiriwa. Sasa anafundisha Gredi ya 7 katika kitengo cha wanafunzi viziwi na anataka kusomea elimu ya mahitaji maalum. Barua yake ingeanza hivi:

“Ninafundisha watoto tisa viziwi. Nikifika kwa neno kama ‘mvukizo’, sina ishara yake ambayo sote tumekubaliana, kwa hivyo ninalitaja herufi moja moja kwa vidole. Wanafunzi wanalinakili vizuri daftarini. Lakini nikiwauliza kwa nini maji yaliyoachwa kwenye sahani juani yamekwisha, wengi hurudia zile herufi tu. Neno wanalo, maana hawana.”

Umeona alichofanya? Hajalia shida, hajasema ati yeye ni yatima wa mtaa fulani. Ameonyesha tatizo moja la darasani na namna anavyolitambua. Mfadhili sasa ana kitu cha kupimia, kwani miaka kumi ikiisha anaweza kuuliza swali lile lile la sahani.

Kisha ndiyo ije hiyo miaka kumi. Igawe vipande vitatu, na kila kipande kisimame juu ya kile kilichotangulia.

“Mwaka wa 2027 na 2028 nitasoma wakati wa likizo za shule ili nisiwaache wanafunzi. Utafiti wangu utahusu maneno ya Sayansi ya Gredi ya 7 hadi 9 yasiyo na ishara zinazotumika kwa pamoja. Kuanzia 2029 hadi 2032 nitakaa na watu wazima viziwi na walimu viziwi, tukusanye ishara zilizopo na kukubaliana kuhusu zinazokosekana, tuzirekodi kwa video fupi, kisha tuzijaribu katika shule chache. Kuanzia 2033 hadi 2036 nitawafunza walimu wenzangu kuzitumia, na kuwasilisha video hizo kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ili zikaguliwe.”

Angalia hapo katikati. Mwalimu anayesikia hana ruhusa ya kukaa chumbani peke yake akibuni ishara. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, ina sarufi yake, na wenyewe ni viziwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iikuze lugha hiyo na kuendeleza matumizi yake. Ishara iliyotungwa na mtu wa nje hufa siku anayohamishwa shule. Mwombaji anayeandika “nitabuni ishara” amejianika kwamba hajui uwanja wake. Anayeandika “tutakubaliana na viziwi” anaonyesha ameshakaa nao.

Angalia pia hayo maneno “ili zikaguliwe”. Hajasema zitapitishwa, maana hiyo taasisi ndiyo huamua ni vifaa gani vinafaa kwa mtaala. Yeye anaahidi kufika mlangoni. Hiyo ndiyo lugha ya mtu anayeaminika, bana.

Sasa njoo kwa swali ambalo mfadhili hukosa kuliandika lakini analo moyoni: mambo yakienda mrama? TSC inaweza kukuhamishia kaunti nyingine wakati wowote. Usilikwepe. Liandike:

“Nikihamishwa kwenda shule isiyo na kitengo cha viziwi, nitaomba nipangwe palipo nacho, lakini siwezi kuahidi nitakubaliwa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka wa kwanza video zitakuwa katika shule tatu, si yangu pekee, na zitahifadhiwa kwenye kadi za simu ili zichezwe bila intaneti. Katika kila shule atakuwepo mwalimu mmoja kiziwi anayejua kuzirekodi. Nikiondoka, kazi haiondoki nami.”

Aya hii ndogo ina uzito kuliko kurasa mbili za “nina ari na bidii”. Mfadhili anaona kwamba pesa zake hazijafungwa kwa mtu mmoja na bahati yake.

Kuhusu pesa, usizunguke. Taja karo ya kila mwaka kama ilivyo kwenye barua ya chuo, nauli, na gharama ya utafiti. Omba karo ilipwe moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, kwa awamu, na awamu inayofuata ilipwe tu baada ya wewe kutuma matokeo yako. Sema pia sehemu utakayobeba mwenyewe kutoka mshahara wako, hata kama ni nauli peke yake.

Na cheo je, hakitajwi kabisa? Kitaje, lakini mwishoni, kwa sentensi moja: “Nafasi ya mwalimu mwandamizi ikitangazwa nitaomba, lakini mpango huu hauitegemei.” Basi. Umeonyesha una ndoto bila kuitundika barua yote juu yake.

Barua yote isizidi kurasa mbili. Ukimaliza, isome ukiwa na kalamu na upige mstari chini ya kila kitenzi. Uliza: ni nani atakayetenda hili? Kama ni wewe, kiache. Kama ni TSC, chuo au taasisi nyingine, badilisha sentensi iseme utakachofanya wewe ili uamuzi huo uwezekane. Halafu, kama mpango wako unawahusu watu fulani, wape waisome kwanza. Kwa mwalimu wetu, huyo ni mwalimu kiziwi. Akisema “hapa katikati umetusahau”, afadhali uambiwe naye kabla mfadhili hajaona.