Karé moja ni are ngapi?

Sange, uwanda wa Ruzizi. Ajenti wa kuandikisha wakulima amesimama na telefone yake mbele ya mama mmoja.

– Mama, shamba lako ni kiasi gani?

– Karé moja, mutoto wangu.

Ajenti anaandika hektari 0,25 na kupita kwa swali lingine. Lakini pale ndipo yule mama alianza kupoteza faranga zake.

Juu ya nini? Juu kwetu karé haina kipimo kimoja. Ajenti alihesabu metre 50 kwa metre 50, ndiyo are 25. Mama, yeye alitaka kusema kipande kimoja cha shamba chenye mipaka yake, basi. Nyuma ya siku mbili kijana wake alichukua kamba na kupima. Upande murefu mumoja metre 42, wa pili 38: katikati yake ni 40. Pande fupi 31 na 29: katikati yake ni 30. Arobaini mara 30 ni metre za mraba 1.200, ni kusema are 12. Si hata nusu ya ile iliyoandikwa.

Na ni ile namba ndiyo inapanga vyote. Kama mradi unahesabu kwa mahindi kilo 200 za NPK kwa hektari moja, are 25 zinaleta kilo 50, mufuko muzima. Are 12 zinaomba kilo 24 tu. Wengi wanasema: si vizuri basi, nitapata zaidi? Pole. Angre ya ruzuku si ya bure. Mukulima analipa sehemu yake mbele ya kupokea. Mama angelipia mufuko muzima wakati shamba lake linakula nusu, na pesa ya kulipa watu wa kupalilia ingeishia pale.

Kwa hiyo ni vizuri ajenti azunguke shamba na telefone yenye GPS. Lakini hata GPS inadanganya kwa mashamba madogo. Shamba la yule mama, ukilizunguka, ni metre 140. Telefone ikikosea metre tatu inje kila upande, inaongeza are nne na nusu hivi kwa zile 12. Ajenti atembee polepole kwenye mupaka wenyewe, asimame kidogo kila kona, na asikate njia juu ya majani marefu. Wewe nyuma, linganisha na kamba yako.

Kosa la pili ni la mazao. Mama anachanganya mahindi na maharagi, kama sisi wote. Ajenti alifungua mistari miwili: mahindi 0,25, maharagi 0,25. Sasa mashine inaona nusu ya hektari! Shamba linaandikwa mara moja tu. Ndani yake unasema zao kubwa ni gani na lipi limechanganywa nalo. Tena useme ya saizoni ile wanayouliza. Ukilima mahindi saizoni A, na saizoni B unataka kuweka kitu kingine, usijibu yote pamoja, utapewa mbegu ambayo hauna pa kuiweka.

Inabaki jambo gumu zaidi. Mama iko na shamba la pili, la kukodi. Mwenye shamba alikataa liandikwe kwa jina la mama: «Leo unaandikisha, kesho utasema ni lako.» Woga wake si wa bure. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Kwa mashamba ya kimila ilisema ordonansi ya Raisi itapanga haki za wenye kuyakaa, na kwa miaka mingi ile ordonansi haikutoka. Ndiyo maana watu wanashika kila karatasi kama sherti ya shamba. Fishi ya angre si sherti. Inauliza nani analima saizoni hii, haiulizi nani ni mwenyewe. Lakini wakijiandikisha wote wawili, michoro ya GPS inalaliana, na wote wawili wanaweza kuwekwa kando mupaka shefu wa lokalite na agronomu waamue.

Tulimushauri mama aandike karatasi ndogo na mwenye shamba: saizoni ngapi, analipa nini, shamba ni la nani, mashahidi wawili, shefu atie sinyatire.

Kwa shamba lake mwenyewe alirudi kwa ajenti mbele liste haijafungwa, na kamba mukononi. Walitembea tena pamoja. Telefone ilionyesha 0,13, na maharagi yakaingia chini ya mahindi. Ajenti alisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi kama kwenye kadi ya uchaguzi, akaona namba ya telefone ilikuwa ya shemeji. Hii nayo ikabadilishwa, juu bon inafika kwa ile namba.

Mwenye shamba la kukodi, yeye, bado anafikiri.