Kisa Kinapoiba Somo

Roy Sullivan, askari wa Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah huko Virginia, Marekani, alipigwa na radi mara 7 kati ya 1942 na 1977, na mara zote akapona. Zaidi ya mara moja nywele zake zilishika moto. Mwandishi akipewa kazi ya kueleza jinsi radi inavyotokea, ni vigumu asimtaje mtu huyu, na ni vigumu zaidi asianze naye. Kisa ni cha kweli, kinashangaza, na msomaji atatabasamu. Tatizo ni kwamba akishamaliza kukisoma, bado hajui lolote kuhusu radi.

Shannon Harp na Richard Mayer, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California mjini Santa Barbara, waliupima mtego huu kwa kutumia mada hiyohiyo. Katika utafiti waliouchapisha 1998, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maelezo ya hatua kwa hatua: hewa yenye joto na unyevu hupanda, wingu hukua, matone ya maji na chembe za barafu hugongana humo ndani, chaji hasi hujikusanya upande wa chini wa wingu, kisha njia ya umeme hushuka mpaka ikutane na chaji chanya zinazopanda kutoka ardhini. Kundi moja lilisoma hayo tu. Kundi jingine lilisoma maelezo yaleyale, ila katikati yake kulipachikwa visa vya kusisimua, kama kile cha kijana aliyekuwa kwenye mazoezi ya futiboli ya Kimarekani, radi ikamtoboa kofia na kumvua viatu.

Baadaye wote waliombwa waandike wanachokumbuka, kisha wakapewa maswali ya kufikirisha. Swali mojawapo lilikuwa hili: mara nyingine anga hujaa mawingu lakini radi haipigi, kwa nini? Waliosoma visa walikumbuka hatua chache kuliko wenzao, na majibu yao sahihi kwa maswali ya kufikirisha yalikuwa machache pia.

Watafiti hawakuishia hapo, wakatafuta dawa. Walikoleza sentensi muhimu kwa maandishi mazito. Katika jaribio jingine wakawatajia wasomaji mapema wanachotakiwa kujifunza, na katika jingine wakazipa hatua namba. Hakuna hata kimoja kilichofaa. Kilicholeta tofauti ni mahali pa visa: vikiwekwa mwanzoni, madhara yalizidi, na vikisogezwa mwisho, yalipungua. Harp na Mayer walieleza kwamba msomaji huanza kujenga picha ya mada tangu mistari ya kwanza, kwa kutumia anachokijua tayari. Akianza na mtu aliyeungua nywele, hujenga picha ya ajali, na sentensi za chaji na barafu zinapofika hukosa pa kukaa.

Hii haina maana kwamba makala ya sayansi iwe kavu. Mwanafunzi aliye kwenye jaribio analazimika kusoma mpaka mwisho. Msomaji aliye kwenye daladala halazimiki, na akichoka ataondoka. Kinachohitajika ni kisa ambacho chenyewe ndicho maelezo, na kwa upande wa radi kipo.

Agosti 2016, katika uwanda wa juu wa Hardangervidda nchini Norwei, kulungu wa nchi za baridi 323 walikutwa wamekufa mahali pamoja baada ya dhoruba. Je, radi moja itawapigaje wote hao? Haihitaji kumpiga kila mmoja. Umeme ukifika ardhini husambaa pande zote, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Kwa hiyo ardhi iliyo chini ya mguu mmoja wa mnyama huwa na volti nyingi kuliko ile iliyo chini ya mguu mwingine, na tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu mmoja na kushukia mwingine. Mnyama wa miguu minne ana umbali mrefu kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo tofauti ya volti ni kubwa, na umeme unaopita kati yake hupitia moyoni. Tena kulungu hao walikuwa wamesongamana, kama wanyama wa kundi wafanyavyo wanapoogopa.

Hapo mfugaji wa Kagera au Kisii hahitaji kuelezwa zaidi. Ameelewa kwa nini ng'ombe kadhaa hufa chini ya mti mmoja, na kwa nini kujikinga mvua ya radi chini ya mti ni hatari hata kama mtu hakugusa shina. Jaribu kukiondoa kisa cha Norwei katika aya iliyopita, na swali linalovuta maelezo yote linaondoka nacho. Ukimwondoa Sullivan, maelezo yanabaki kamili. Huo ndio upimaji mwepesi zaidi anaoweza kuufanya mwandishi, na unafaa pia kwa visa vya maisha yake mwenyewe: kumbukumbu ya utotoni ibaki ikiwa inabeba hatua mojawapo ya hoja, vinginevyo isogezwe mwisho au ikatwe.

Utani una hatari yake ya pekee. Chukua mwandishi anayekumbuka jinsi bibi yake alivyofunika vioo vyote vya nyumba kila wingu lilipotanda. Akiandika kwa kejeli, "Bila shaka radi ilikuwa inapita kujitazama," yeye anasikia sauti yake mwenyewe yenye upendo. Msomaji haisikii. Justin Kruger na wenzake walionyesha pengo hilo katika utafiti wa 2005: watu waliotuma sentensi za kejeli na za kweli kwa barua pepe walitarajia wapokeaji watambue ipi ni ipi kwa takriban asilimia 78, lakini wapokeaji walipatia asilimia 56 tu, karibu sawa na kubahatisha. Waliosikia sentensi hizo kwa sauti walifikia asilimia 73. Na msomaji ambaye jana tu alifunika kioo chake atajiona ndiye anayechekwa, hivyo hatafika kwenye aya inayomweleza kwamba radi hupendelea vitu virefu vilivyojitokeza, kama mti au mnara. Ni hasara kubwa, maana ndiye aliyeihitaji zaidi aya hiyo.

Utani unaosaidia ni ule ulioshikamana na dhana inayofundishwa. Mwaka 1977 Robert Kaplan na Gregory Pascoe waliwaonyesha wanafunzi 508 wa chuo kikuu mhadhara wa kawaida au wenye vichekesho. Mtihani wa papo hapo haukuonyesha faida yoyote ya kuelewa. Baada ya majuma 6, yale yaliyofundishwa kwa mifano ya kuchekesha inayoihusu mada ndiyo yaliyokumbukwa vizuri zaidi. Kicheko kilisaidia pale tu kilipokuwa kimefungwa kwenye somo.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, mwandishi ampe rasimu mtu asiyeijua mada, asubiri mpaka kesho yake, kisha amuulize swali moja: kwa nini ni hatari kusimama chini ya mti? Akijibu kwa habari ya umeme unaosambaa ardhini, makala iko tayari. Akikumbuka tu bibi na vioo vyake, aya ya bibi ikatwe, hata kama ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote.